Mashaka ya densiti: 0.85 ya vinyambuo na 0.9 inayorukaruka kwenye lahajedwali

*Swali: "Napima densiti ya kipande kidogo cha metali. Hewani kina gramu 4.20, na nikikizamisha majini kwa uzi mizani inasoma 3.70. Mashaka yangu ni 0.01 hewani na 0.05 majini, maana uzi na viputo vinasumbua. Kwa vinyambuo vya sehemu nimepata densiti 8.38 na mashaka 0.85. Mwenzangu akaniambia nijaribu namba za nasibu kwenye lahajedwali. Nimeweka mistari 200 na kila nikigusa kitufe jibu linabadilika: mara 0.93, mara 0.86, mara 0.90. Wastani nao hautui kwenye 8.38, unapanda hadi 8.5. Ipi ni sahihi, na niandike ipi kwenye ripoti?"*

Hesabu yako ya vinyambuo haina kosa, na lahajedwali lako nalo halijakosea. Tatizo ni kwamba mambo mawili tofauti yamekuchanganyikia. Kurukaruka kwa 0.93, 0.86 na 0.90 ni bahati nasibu tu, kwa sababu mistari 200 ni michache. Wastani kupanda juu ya 8.38 si bahati nasibu: utabaki juu hata ukiweka mistari milioni, na unakueleza kitu ambacho vinyambuo vimekificha.

Tuanze na vinyambuo, maana ndivyo vinavyoonyesha tatizo linatoka wapi. Mlinganyo wako ni huu, ambapo m ni usomaji wa hewani, a ni usomaji wa majini, na 0.998 ni densiti ya maji kwa gramu kwa sentimita ya ujazo:

```
densiti = 0.998 * m / (m - a)
```

Kinyambuo cha sehemu kinajibu swali dogo: nikigusa kipimo kimoja tu na kuacha vingine vimetulia, jibu linasogea kwa kasi gani? Kwa mlinganyo huu, kasi ya a ni 0.998 × m ÷ (m − a)², na kasi ya m ni hasi, 0.998 × a ÷ (m − a)². Kwa namba zako, m − a ni 0.50, na 0.50 × 0.50 ni 0.25. Kwa hiyo kasi ya a ni 16.8 na ya m ni −14.8. Zidisha kila moja kwa mashaka yake: 16.8 × 0.05 inatoa 0.84, na 14.8 × 0.01 inatoa 0.15. Jumlisha miraba yake, tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo, unapata 0.85. Densiti ya maji niliiacha kando makusudi, kwani hata ukikosea joto lake kwa nyuzi moja inabadilika kwa takriban 0.0002, jambo ambalo hapa halisikiki kabisa.

Tazama ile 0.84 peke yake. Karibu mashaka yako yote yanatoka kwenye usomaji wa majini. Hii ndiyo zawadi ya vinyambuo ambayo lahajedwali la nasibu halikupi bure: unaona kila mhusika anachangia kiasi gani. Mtu akikushauri ununue mizani bora ya kupimia hewani, hesabu hii itamjibu.

Lakini kuna dhana moja imejificha humo. Unapozidisha kasi kwa mashaka, unachukulia kwamba kasi hiyo haibadiliki katika eneo lote ambalo a inaweza kuwa. Umechukua mlinganyo uliopinda ukaweka mstari ulionyooka mahali pake. Je, umepinda kiasi gani? Huhitaji namba za nasibu kujua. Pandisha a kwa mashaka yake, kisha ishushe kwa kiasi hichohicho, na kila mara kokotoa densiti upya kwa mlinganyo kamili:

```
a = 3.75   densiti = 4.1916 / 0.45 = 9.31
a = 3.70   densiti = 4.1916 / 0.50 = 8.38
a = 3.65   densiti = 4.1916 / 0.55 = 7.62
```

Kupanda kumekuletea 0.93, kushuka kumekuletea 0.76. Kinyambuo kilisema 0.84 pande zote mbili. Hilo ndilo jibu la swali lako kwa kifupi. Densiti ina njia ndefu ya kwenda juu kuliko chini, kwa sababu kigawanyo kinapopungua kila gramu ndogo inauma zaidi. Jaribio hili la pandisha-shusha ni seli tatu tu, na mimi hulifanya kabla ya kuamua kama naingia kwenye uigaji wa namba za nasibu. Pande mbili zikitofautiana kwa asilimia moja au mbili, naandika jibu la vinyambuo na kulala usingizi. Zako zinatofautiana kwa zaidi ya asilimia ishirini.

Sasa lahajedwali. Weka hivi, halafu vuta mstari wa pili mpaka wa 10001:

```
A2: =NORM.INV(RAND(),4.20,0.01)
B2: =NORM.INV(RAND(),3.70,0.05)
C2: =0.998*A2/(A2-B2)
```

Na pembeni, kwenye seli huru:

```
=AVERAGE(C2:C10001)
=MEDIAN(C2:C10001)
=STDEV.S(C2:C10001)
=PERCENTILE.INC(C2:C10001,0.025)
=PERCENTILE.INC(C2:C10001,0.975)
```

Programu yako ikitumia nukta-mkato kutenganisha vipengele ndani ya mabano, badilisha koma zote hapo. Kila ukibonyeza F9, RAND() zote zinapigwa upya, na ndiyo maana jibu lako halitulii. Swali la kujiuliza ni linacheza kwa kiasi gani. Mkengeuko sanifu uliopatikana kwa mistari N unacheza kwa takriban sehemu moja ya kipeuo cha pili cha 2N. Kwa mistari 200 hiyo ni asilimia 5, yaani kama 0.045 juu au chini kwa jibu la ukubwa wako. Angalia namba zako tatu: zote zinaingia humo kwa raha. Ulikuwa unajaribu kuona tofauti ya 0.04 kwa chombo kinachotetemeka kwa 0.045.

Kwa mistari 10 000 mtetemo unashuka hadi asilimia 0.7, na sasa mambo yanaonekana. Mkengeuko sanifu unakaa karibu na 0.89, na F9 inausogeza kwa kitu kama 0.006 tu. Wastani unakaa karibu na 8.47. Namba ya katikati, ile ambayo nusu ya mistari iko chini yake na nusu juu, inabaki 8.38. Na eneo lenye asilimia 95 ya mistari linaanzia 6.99 hadi 10.47, au karibu na hapo.

Linganisha na vinyambuo. Mashaka 0.85 dhidi ya 0.89 ni tofauti ambayo hakuna atakayeigombania. Wengi huishia hapo na kusema njia zote mbili zimekubaliana. Tazama kingo badala yake. Ukichukua 8.38 na kuongeza na kutoa 1.96 × 0.85, unapata kuanzia 6.71 hadi 10.05. Eneo la lahajedwali ni la 6.99 hadi 10.47. Upana unakaribiana, lakini eneo zima limesogea juu. Kutoka 8.38, upande wa chini una nafasi ya 1.39 na upande wa juu una 2.09. Ukitaka kujua kama kipande chako kinaweza kuwa metali yenye densiti 10.3, vinyambuo vinasema kiko nje ya asilimia 95, lahajedwali linasema kiko ndani. Huko ndiko njia hizi mbili zinakogombana, na hapo lahajedwali ndilo la kuamini.

Kuhusu wastani wa 8.47, usiuhamishie kwenye ripoti kana kwamba umegundua metali ni nzito zaidi. Wastani umepanda kwa sababu mkia wa juu ni mrefu, na mkia mrefu huvuta wastani kuelekea kwake. Namba ya katikati haivutwi. Nakubali kwamba nyongeza ya kwanza ya GUM, mwongozo wa kimataifa wa mashaka ya vipimo, ile JCGM 101 ya mwaka 2008 inayohusu njia hii ya Monte Carlo, huchukua wastani wa matokeo kuwa ndio kadirio. Lakini fikiria kipande ambacho densiti yake halisi ni 8.38, ukipime mara elfu kwa mizani hiihii. Wastani wa majibu yako elfu tayari utakuwa juu ya 8.38, kwa kosa lilelile la kigawanyo. Kuyapandisha tena kwa 0.09 ni kulipa deni lisilo lako. Mimi ningeandika 8.4, kisha eneo la asilimia 95 kuanzia 7.0 hadi 10.5, na kusema wazi kwamba eneo limetoka kwenye uigaji wa mistari mingapi. Nyongeza hiyohiyo inataja majaribio milioni moja kama idadi ambayo mara nyingi inatosha kupata kingo za asilimia 95 kwa tarakimu moja au mbili za kuaminika. Kwa ripoti yako, 10 000 inafaa, maana kingo unazikadiria kwa tarakimu moja baada ya nukta.

Kabla hujaamini safu ya C, kagua jambo moja ambalo limewahi kuniaibisha. Ili kupunguza kazi, nilitengeneza safu moja ya namba za nasibu na kuitumia kwa vipimo vyote viwili: m ikaongezwa mashaka yake mara namba ile, a nayo vilevile. Mashaka yakatoka madogo kuliko yale ya vinyambuo, nikafurahi, nikapeleka. Nilichofanya ni kufunga vipimo viwili kamba moja, kimoja kikipanda na kingine kinapanda naye, na kwa kuwa mlinganyo unavitoa, makosa yanafutana. Ukifanya hivyo kwa namba zako mkengeuko utashuka hadi karibu 0.71. Dawa yake ni seli moja: `=CORREL(A2:A10001,B2:B10001)`. Kwa vipimo visivyohusiana inapaswa kuwa karibu na sifuri, ikicheza kwa 0.01 hivi. Ikikuonyesha 1, umenaswa.

Kosa la upande wa pili ni kuvunja kipimo kimoja kuwa viwili. m inatokea juu na chini ya mstari wa mgawanyo. Ndani ya lahajedwali, zote mbili lazima ziangalie seli ileile ya A, kama nilivyoandika hapo juu. Ukiandika NORM.INV mara mbili ndani ya C, utakuwa umepima kipande kile mara mbili kwa mizani mbili. Kwa kisa chako madhara hayaonekani sana, kwa kuwa mashaka ya m ni madogo. Chukua mfano mwingine uone: vipinzani viwili vya ohmu 100 vilivyounganishwa sambamba, kila kimoja na mashaka ya 1. Upinzani wa pamoja ni zao lake kugawa kwa jumla yake, ohmu 50, na vinyambuo vinatoa mashaka 0.35. Aliyezoea ile kanuni ya haraka ya kuchanganya asilimia za juu na asilimia za chini, kana kwamba hazijuani, anapata 0.79. Zaidi ya mara mbili. Kanuni ile ya asilimia inafaa tu pale ambapo kila kipimo kinatokea mara moja.

Na ile 0.05 yako, umeipata vipi? Kama ni mkengeuko sanifu wa kuzamisha na kutoa mara kadhaa, NORM.INV ni mahali pake. Kama ni makisio ya aina ya "haiwezi kupita 0.05 upande wowote", basi hiyo ni nusu ya upana wa eneo bapa. Hapo andika `=3.70+(RAND()-0.5)*0.10`, na upande wa vinyambuo gawanya 0.05 kwa 1.73 kabla ya kuitumia. Mashaka yako yote yatashuka hadi kama 0.5. Hakuna njia yoyote kati ya hizi mbili itakayokuambia kwamba umeingiza namba ya aina isiyo yake. Zote zitaisaga na kukupa jibu safi.

Kuna mahali ambapo hata lahajedwali linavunjika. Tuseme uzi wako ni mnene, mvutano wa uso wa maji unaushika, na usomaji wa majini una mashaka 0.20 badala ya 0.05. Kigawanyo sasa ni 0.50 na mashaka yake ni 0.20, kwa hiyo sifuri iko mbali kwa mikengeuko miwili na nusu tu. Kati ya mistari 10 000, kama sitini hivi itakuwa na kigawanyo hasi, na utaona densiti za −40 au za 900. Mkengeuko sanifu unaweza kuwa 80, kisha F9, 400, kisha 120. Kuongeza mistari hakusaidii, kwa sababu 1 ikigawanywa kwa namba ya nasibu ya mtawanyo wa kawaida inayoweza kugusa sifuri, jibu halina mkengeuko sanifu wenye kikomo wa kukaribia. Dalili ndiyo hiyo: mistari inaongezeka lakini mtetemo haupungui. Wapo wanaofuta mistari ile mibaya ili safu ipendeze, na huko ni kufuta ushahidi. Vinyambuo navyo hapo vitakuandikia 3.4 kwa utulivu kabisa, bila hata kukohoa.

Wewe hujafika huko, lakini ugonjwa ni uleule: gramu 0.50 inayopatikana kwa kutoa namba mbili zinazokaribiana. Kwa hiyo badala ya kutafuta njia bora ya kuhesabu mashaka ya kipande kimoja, kama unavyo vipande kumi vya metali ileile vifunge pamoja uvipime kwa mkupuo. Hewani 42.0, majini 37.0, tofauti gramu 5.00. Uzi ni uleule, kwa hiyo mashaka ya majini ni yaleyale 0.05 au yanakaribia hapo. Kasi ya a inashuka kutoka 16.8 hadi 1.68, na mashaka ya densiti yanakuwa 0.085. Wastani wa lahajedwali utaachana na 8.38 kwa 0.001 tu, ambayo hutaiona hata ukibonyeza F9 mpaka kitufe kichakae.

Viputo vitajificha katikati ya vipande, kwa hiyo vizamishe polepole, uvitikise ndani ya maji, na usome mizani mara tano kwa kutoa na kuzamisha upya kila mara. Hata mashaka ya majini yakiongezeka mara mbili kufikia 0.10, pandisha-shusha itakupa 8.55 na 8.22, yaani 0.17 juu na 0.16 chini. Kwa kisa hicho andika jibu la vinyambuo, 8.38 na mashaka 0.17, na lahajedwali lako la nasibu lifunge.